Kichwa cha habari cha kejeli: namna ya kutia chumvi bila kumdanganya msikilizaji

Misimu kadhaa iliyopita tulisoma hewani kichwa cha habari hiki: "Wakulima waliokosa mbolea ya ruzuku kulipwa fidia ya mbuzi wawili kila mmoja." Kilikuwa cha utani. Tulikisoma katika dakika za vichekesho, kabla ya taarifa ya habari ya jioni, na studioni sote tulicheka. Usiku huohuo mtu mmoja alikiandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, bila kutaja kimetoka katika kipindi gani. Kulipokucha watu walikuwa wamejipanga nje ya ofisi ya kata, wengine wakiwa na kamba za kufungia mbuzi. Mama mmoja mzee alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kijiji cha pili. Mtendaji wa kata alitupigia simu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayecheka.

Tangu siku hiyo hatusomi kichwa cha kejeli kabla ya kukipitisha kwenye maswali machache. Ninyi wasikilizaji mnatutumia vichwa vingi kwa ujumbe mfupi, na mara nyingi mnatuuliza kwa nini tumekiacha kile kilichowachekesha watu wote kilabuni. Hapa tunaeleza tunavyovichambua, tukianza na kile cha mbuzi.

Kejeli na uongo

Kichwa cha kejeli husema jambo ambalo halijatokea ili kuonyesha jambo ambalo linatokea. Mwandishi anajua kuwa halijatokea, na msikilizaji naye anajua. Hapo ndipo kicheko kinapotoka: wawili hawa wanakonyezana juu ya kitu ambacho wote wanakiona kila siku. Msikilizaji asipojua, hakuna kukonyezana. Kinachobaki ni mtu mmoja kumwambia mwenzake uongo.

Kwa hiyo nia njema ya mwandishi haitoshi. Sisi tulijua hakuna mbuzi. Yule mama hakujua. Kwake yeye tulichosoma kilikuwa tangazo, na kwa kuwa halikuwa la kweli, lilikuwa uongo uliomtembeza kilomita kadhaa bila chai.

Kule Marekani kuna gazeti la kejeli liitwalo The Onion, lililoanzishwa mwaka 1988 na wanafunzi wawili katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Waandishi wake wanajulikana kwa kuanza na kichwa cha habari peke yake. Huandika vichwa vingi, huvisoma mbele ya wenzao, huchagua vichache, na habari yenyewe huandikwa baadaye. Wanafanya hivyo kwa sababu utani wote unapaswa kuwa ndani ya kichwa. Sisi tuna sababu moja zaidi: kichwa ndicho kinachosafiri. Mtu hupiga picha ya kioo cha simu, hukata juu na chini, na kinachofika kwa jirani ni mstari mmoja tu. Redioni ni hivyo hivyo, kwa maana kuna anayewasha redio katikati ya sentensi, akiwa anatoka kukamua ng'ombe, na hajasikia kwamba kipindi ni cha vichekesho.

Mbuzi walikosea wapi

Ukweli tuliotaka kuusema ulikuwa huu: mkulima amejiandikisha mapema kupata mbolea ya ruzuku, mvua za kupandia zimeanza, na mbolea haipo. Inapofika, mahindi yameshafika magotini, na mbolea ya kupandia haina kazi tena shambani kwa msimu huo. Kosa lililopo ni kuchelewa. Kama kuna kitu cha kutiwa chumvi, ni huko kuchelewa.

Sasa angalia tulichofanya. Tuliacha kuchelewa, tukaruka pembeni hadi kwenye fidia na mbuzi. Fidia ni kitu ambacho serikali hulipa kweli, watu wamewahi kulipwa kwa ajili ya barabara na mashamba. Mbuzi nao hugawiwa kweli, ipo miradi mingi vijijini inayokopesha mbuzi. Mbuzi wawili ni idadi ya kawaida kabisa. Tulichukua vitu vitatu vinavyowezekana, tukavifunga pamoja, tukaita utani. Hakuna hata neno moja katika kichwa kile ambalo lingemfanya msikilizaji ajikwae na kusema, "Hebu subiri, hapa wanatania."

Kanuni tuliyojifunza ni kutia chumvi kwa kwenda mbele kwenye njia ileile ya ukweli, na kuendelea kwenda mpaka upite mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuamini. Ukiruka pembeni unapata jambo jipya, na jambo jipya msikilizaji hana cha kulipimia.

Tulikaa tukaandika upya. Jaribio la kwanza lilikuwa: "Mbolea ya kupandia kufika wakati wa kuvuna." Njia ni sahihi, tumebaki kwenye kuchelewa. Lakini mwenzetu mmoja ambaye analima alisema, "Hiyo si kejeli, hiyo ni habari." Alikuwa sahihi. Chumvi ilikuwa kidogo mno. Mtu angeisoma na kukubali tu, na pengine angeacha kwenda dukani siku ambayo mbolea imefika kweli.

Jaribio la pili tulilipenda: "Mbolea ya ruzuku yafika, yapokewa na wajukuu wa waliojiandikisha." Sisi tulimaanisha kwamba vizazi viwili vimepita. Tulipomsomea mzee mmoja jirani na studio, hakucheka. Alituambia mjukuu wake ndiye aliyempokelea mfuko mwaka uliopita, kwa sababu yeye mgongo unamuuma. Kijijini, mjukuu kupokea mfuko wa babu yake ni jambo la kila siku. Tungekaa mjini tusingeligundua hilo.

Jaribio la tatu ndilo lililosomwa: "Mbolea ya msimu huu yafika, vijana waliojiandikisha waipokea na mikongojo mkononi." Tazama linavyofanya kazi. "Msimu huu" na "mikongojo" haviwezi kukaa katika sentensi moja. Kijana hawezi kuzeeka ndani ya msimu mmoja. Hata aliyewasha redio katikati, hata aliyepata picha iliyokatwa, anakutana na mgongano huo ndani ya kichwa chenyewe. Na akishagundua kuwa ni utani, anabaki na ukweli uleule mkononi: mbolea imechelewa sana. Hakuna kitu kingine alichoambiwa.

Kitenzi ndicho chenye hatari

Ukivitazama vichwa hivyo utaona tofauti nyingine, ndogo lakini ina nguvu. Kile cha mbuzi kilisema "kulipwa". Kile cha mikongojo kilisema "yafika" na "waipokea".

Vichwa vya habari vya Kiswahili vina desturi ya kutumia "ku-" kwa jambo lijalo: serikali kujenga, wanafunzi kupewa, bei kushuka. Jambo lijalo haliwezi kuhakikishwa leo. Msikilizaji hawezi kuchungulia dirishani kuona kama mbuzi wapo, kwa sababu hata kama habari ni ya kweli, mbuzi hawajafika bado. Anachoweza kufanya ni kwenda kungoja. Ndiyo maana walikwenda kungoja.

Jambo lililokwisha kutokea ni tofauti. Ukisema "yafika" au "wazeeka", msikilizaji anatazama kijiji chake na kuona hakuna kijana aliyezeeka tangu Novemba. Mazingira yenyewe yanamwambia ni utani. Kwa hiyo kichwa chochote mnachotutumia chenye "kugawa", "kulipwa", "kuajiri", "kusajili" au "kufunga", tunakigeuza kiwe cha jambo lililopita. Kisipogeuka, tunakiacha.

Tarehe, bei na mahali tunaviangalia vivyo hivyo. Ukiandika "shilingi 70,000" au "Jumatatu saa mbili asubuhi" umempa mtu kitu cha kufanyia kazi. Namba ya kawaida huifanya habari ionekane imepimwa. Kama lazima namba iwepo, basi iwe ile inayochekesha yenyewe, kama mfuko mmoja wa mbolea kugawanywa kwa kijiko cha chai kwa wilaya nzima.

Agizo, adhabu na sababu

Mwezi Januari 2016 habari ilienea Kenya, kisha ikavuka mipaka, kwamba serikali ya Eritrea imemwamuru kila mwanamume aoe wake wawili, na atakayekataa atafungwa jela. Sababu iliyotajwa ni kwamba vita na Ethiopia vilipunguza wanaume. Haikuwa kweli, na maofisa wa Eritrea waliikanusha. Lakini ilikuwa imeshasomwa na watu wengi, katika nchi nyingi, na wapo waliokuwa wakitaniana kuhusu nauli ya kwenda Asmara huku nusu wakiamini.

Tunaitaja kwa sababu ya umbo lake, kwa maana ndilo umbo la vichwa vingi vinavyokusudiwa kuwa vya kejeli. Ina agizo, ina adhabu, na ina sababu. Sababu ndiyo iliyoibeba. Vita kati ya Eritrea na Ethiopia vilipiganwa kweli, kuanzia 1998 hadi 2000, na watu wengi sana walikufa. Ukiweka ukweli mkubwa kama huo chini ya uongo, uongo unapata mguu wa kusimamia. Ongeza kwamba kuoa mke zaidi ya mmoja ni jambo linalojulikana katika nchi nyingi zilizoipokea habari hiyo, na hutaona mahali pa kujikwaa.

Kwa hiyo ukiandika kejeli yenye agizo la mkubwa, usimpe msomaji sababu ya maana. Mpe sababu ambayo haiwezi kuwa sababu, au, na hili tunalipenda zaidi, acha agizo kabisa. Mfanye aongee yule asiyeweza kuongea: daraja, shimo la barabarani, bomba lisilo na maji. "Shimo la barabara ya sokoni laadhimisha miaka kumi, lawashukuru viongozi kwa kulilinda" haliwezi kumpeleka mtu popote. Hakuna anayeamini kwamba shimo limetoa shukrani. Lakini kila anayepita hapo na baiskeli anajua shimo linalozungumzwa, na mhusika wa kulifukia anajua pia.

Sifa zinazoaminika

Aina ya kejeli inayotupa shida kuliko zote ni ile ya kusifu. Mtu anataka kumkosoa mkubwa, basi anamsifu kupita kiasi. Ni njia ya zamani na tamu, lakini inahitaji msomaji ajue kwamba sifa hizo haziwezekani.

Mwaka 2012 lile gazeti la The Onion liliandika kwamba kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong-un, ametajwa kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote walio hai. Wamarekani walicheka. Tovuti ya gazeti la chama tawala cha China, People's Daily, iliichukua kama habari ya kweli na kuipamba kwa picha 55 za kiongozi huyo. Baadaye iliiondoa.

Ni rahisi kuwacheka wahariri wale, lakini tunadhani kuna jambo la kujifunza. Mahali ambapo viongozi husifiwa kila siku katika taarifa za kweli, sifa iliyotiwa chumvi haionekani kuwa imetiwa chumvi. Tujiulize hapa kwetu: kichwa kisemacho "Wananchi wamshukuru kiongozi kwa kuwachimbia kisima kisicho na maji" kina kejeli, kwa sababu ya maneno matatu ya mwisho. Ukiyaondoa, kinafanana na tangazo tunalolipokea kila wiki. Na picha ikikatwa mahali pabaya, maneno ya mwisho ndiyo yanayopotea. Basi weka neno linalovunja mapema katika sentensi: "Kisima kisicho na maji chazinduliwa kwa mara ya nne, wananchi wanywa hotuba." Hapa huwezi kukikata ukabaki na sifa.

Jambo hilo la ujuzi wa msikilizaji lina mfano mwingine wa zamani. Tarehe 1 Aprili 1957, kipindi cha Panorama cha televisheni ya BBC kilionyesha familia moja huko Uswisi ikivuna tambi kutoka kwenye miti. Watazamaji kadhaa walipiga simu, wengine wakiuliza namna ya kupanda mti wa tambi. Walikuwa watu wazima wenye akili zao. Ila tambi wakati huo haikuwa chakula cha kawaida Uingereza, na wengi hawakujua kwamba hutengenezwa kwa unga. Upuuzi huonekana kwa anayejua tu. Ukiwaandikia wakulima kuhusu mahindi kukataa kuota, watacheka. Ukiwaandikia kuhusu hatifungani na soko la hisa, hata upuuzi mkubwa utapita kama habari, kwa kuwa wengi wetu hatujui lipi linawezekana huko.

Tusichokigusa

Kuna mambo hatuyatii chumvi hata kidogo, hata kichwa kikiwa kizuri. Chanjo na magonjwa ya mlipuko, tarehe na vituo vya kupigia kura, matokeo ya mitihani, mafuriko, ajali, na watu waliokufa. Katika mambo hayo mtu hutenda kwanza na kufikiri baadaye. Mzazi akisikia neno moja tu kuhusu chanjo, halingoji la pili.

Hatutungi pia maneno na kuyaweka kwenye kinywa cha mtu halisi mwenye jina. Alama za kunukuu zikishakaa, nusu ya nchi itaamini aliyasema. Tunasema "mkubwa mmoja", au tunamtaja mhusika kwa kazi yake, au tunaliachia shimo liongee. Na tunatazama anayechekwa ni nani. Katika kichwa cha mikongojo anayechekwa ni aliyechelewesha. Tuliwahi kupokea kimoja kilichosema wakulima wamelala mpaka mbolea ikaisha. Chumvi ilikuwa ya kutosha, hakuna ambaye angeamini, lakini kilikuwa kinamcheka aliyeumizwa, na tena hakikuwa na ukweli ndani yake.

Ipo pia sheria. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha kwenye mtandao taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2018 ikiwa na makatazo yanayofanana na hayo. Nia ndiyo inayotazamwa, na kichwa chenye mikongojo kinaonyesha nia yake chenyewe. Kichwa chenye mbuzi wawili kingekuhitaji ukaieleze nia hiyo kituoni.

Tunavyopima kabla ya kusoma

Zamani tulipima kwa kuuliza, "Inachekesha?" Swali hilo halifai, kwa sababu aliye studioni ameshajua ni utani. Siku hizi tunamtafuta mtu asiyekuwapo wakati wa kuandika, mara nyingi mama anayetuuzia chai getini. Tunamsomea kichwa mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kutabasamu, bila kumwambia ni cha nini. Kisha tunamuuliza, "Kesho utafanya nini kuhusu hili?"

Akicheka na kusema, "Ndivyo walivyo hao," kichwa kimepita. Akiuliza, "Lini?" au "Wanaandikisha wapi?" tunakichana. Akinyamaza na kutazama pembeni, huwa tunajua hajakielewa, na hicho nacho tunakiacha, kwa maana kichwa kinachohitaji maelezo kitafika kijijini bila maelezo yake.

Kikishapita, tunaweka mlio wa zumari kabla ya kusoma na mlio uleule baada ya kusoma, si kabla tu, kwa ajili ya wanaochelewa kufungua redio. Kwenye simu tunaandika neno KEJELI ndani ya picha yenyewe, likipita katikati ya maandishi ya kichwa. Likikaa juu au chini hukatwa. Lakini hatutegemei zumari wala neno hilo peke yake. Kichwa cha mbuzi nacho kilikuwa na muziki wake.

Siku ile ya mbuzi tulikosea mara ya pili pia. Tulipopigiwa simu, tulitangaza mara moja tu, saa saba mchana, kwamba "baadhi ya wasikilizaji hawakuelewa utani wetu". Saa saba wakulima wako shambani, na maneno yenyewe yaliwatupia wao lawama. Ilitubidi turudie jioni, saa ileile tuliyosoma kichwa, kwa maneno mengine: hakuna mbuzi, hakuna fidia, tulitunga sisi, tumewakosea. Tuliyarudia siku tatu mfululizo, na tuliwaandikia viongozi wa makundi ya WhatsApp ya vijiji vile wayapeleke maneno hayo kama yalivyo. Mtendaji wa kata alitusaidia kumpata yule mama. Mwenzetu mmoja alimfuata kwa pikipiki kumwomba radhi, akamkuta anapalilia, na kamba yake ya mbuzi ameitundika mlangoni.